Jua la Siku ya Arobaini

Bukene,
Jumatano, 2 Machi 1955

Kwa mke wangu Zamda,

Mke wangu. Nimeliandika neno hilo, nikaweka kalamu chini, nikalitazama mpaka wino ukakauka. Kule shuleni Tabora nilifundishwa insha za kila namna, lakini hakuna mwalimu aliyenitayarisha kwa neno hili. Basi nivumilie nikiandika kama mtu aliyekunywa asali yote ya ghala. Asali ninayo kweli, mapipa kumi na manne, na nta imejaa mpaka darini. Mimi ndiye karani wake. Lakini leo nimehesabu mapipa mara tatu na kila mara nikapata jibu jingine.

Juzi Jumatatu nilidhani mvua itaninyima mke. Tulipanga nikaha iwe baada ya alasiri, na karatasi ya ndoa ilikuwa imeshaandikwa, inaningoja mimi tu, nami nimekwama ng'ambo ya kijito kilichofurika, kanzu nimeikunjia kichwani. Nilipofika kwenu watu walikuwa wanatoka kusali Magharibi. Dada Mwanajuma alileta karabai, na kumbikumbi wakaja kwa mamia kuicheza taa kama kwamba nao wamealikwa. Baba yako akanishika mkono. Nilimtazama usoni kwa sababu niliogopa kutazama kwingine, nikaona alama ya mkeka bado imejichora kwenye paji lake, mistari mistari, kutokana na sijida. Akasema, "Nimekuoza binti yangu Zamda." Nikasema nimekubali. Sauti ikanitoka kama ya jogoo mchanga, na mjomba wako akacheka.

Kisha baba yako akanitaka nitamke lile sharti, nami nikalitamka mbele ya Maalim Ngollo na mashahidi: "Zikipita siku arobaini tangu leo sijafika mlangoni pako kumchukua mke wangu, ameachika talaka moja." Sikuchukia. Nimeambiwa shemeji yako alivyomwoa Mwanajuma, akaenda Mwanza kutafuta kazi, na sasa ni mwaka wa sita, si mke si mtalaka. Baba aliyeungua kwa binti mmoja ana haki ya kuogopa moto kwa wa pili.

Wala usiwe na shaka. Nimeshapiga hesabu. Jumatatu ile ilikuwa imebakiwa na saa chache, nimeitupa. Siku ya kwanza ni Machi mosi, ya arobaini ni Jumamosi, Aprili tisa. Treni ya Jumamosi inafika Tabora saa mbili za usiku. Nitakuwa mlangoni kwenu na saa tatu nzima za akiba kabla ya usiku wa manane.

Mume wako (nimeliandika na hilo),
Shomari Lugembe

*

Tabora,
Jumapili, 13 Machi 1955

Mume wangu Shomari,

Assalaam alaikum. Barua yako ameileta Marko, yule dereva wa lori. Alimkabidhi baba kwa mikono miwili, kisha akaniambia kupitia dirishani, "Shemeji, huyo mtu wako anaongea na mapipa." Mwanajuma amecheka mpaka akashika mbavu. Sijamwona akicheka hivyo tangu mwaka juzi.

Nimeisoma mara nyingi nisizokuambia. Mara ya kwanza nilisoma maneno matamu. Mara ya pili nikasoma hesabu, nikachukua kalamu.

Shomari, saa tatu za akiba huna. Hata dakika huna. Siku uliyomwapia baba haiishi usiku wa manane. Inaisha jua likizama. Ukishuka kwenye treni saa mbili za usiku wa Jumamosi, kwa kalenda ya ghala lenu ni Aprili tisa bado, lakini kwa sheria uliyoapa kwayo ni siku ya arobaini na moja, na mimi nitakuwa nimeachika tangu Magharibi. Na kwa kuwa hatujakaa pamoja, talaka hiyo moja haina eda wala kurejewa. Itabidi nikaha mpya, na nikaha mpya ni kwa ridhaa ya baba.

Najua utasema Zamda ameishia darasa la sita. Lakini kwa Maalim Ngollo nimekaa miaka tisa, na hili alitufundisha tungali na meno ya utoto. Mwezi wetu haufuati karatasi. Unaanza pale mwandamo unapoonekana, na mwandamo unaonekana magharibi, jua likishatua, kisha nao unatua. Basi mwezi unapozaliwa jioni, na siku yake ya kwanza inazaliwa jioni hiyo hiyo. Usiku ndio unaotangulia, mchana unafuata. Kumbuka Ramadhani: mwezi ukionekana leo jioni, tarawehe tunaisali leo leo, na kufunga kunaanza alfajiri. Ingekuwa mchana unatangulia, tungefunga kwanza na kusali tarawehe jioni ya kesho. Na Idi je? Mwandamo ukionekana, takbira zinaanza usiku ule ule. Hatungojei saa sita za usiku. Mbona haya unayajua mwilini mwako, ila umeyasahau kichwani?

Njoo na treni ya Jumatano, Aprili sita. Tafadhali.

Baba hajui kwamba nimeyaona haya. Wala sitamwuliza. Siku hizi ananitazama kama mtu anayetazama chombo kilichowekwa ukingoni mwa meza.

Mkeo,
Zamda

*

Bukene,
Jumamosi, 19 Machi 1955

Zamda wangu, maalim wangu,

Nimepata barua yako nikakaa chini juu ya gunia la chumvi. Miaka kumi na moja ya shule, na mke wangu ananiokoa kwa masomo ya watoto wa mkekani! Nimeona haya, na katikati ya haya nimefurahi, maana ni nani mwingine Bukene nzima aliyeoa mwanamke anayejua siku inaanzia wapi?

Jana jioni nilitoka nje kusudi nilitazame jua likizama. Lilikaa juu ya mashamba ya mpunga kama chapati nyekundu, likaingia. Nikajisemea: sasa ni Jumamosi. Kalenda ukutani ilisema Ijumaa, mkuu wa stesheni alisema Ijumaa, mimi peke yangu nilikuwa Jumamosi. Nilijihisi mtu tajiri kidogo. Kisha nikakumbuka ukubwa wa kosa nililotaka kufanya, nikaogopa, nikaingia ndani na kufunga mlango kana kwamba kuna mtu nje.

Marehemu babu yangu alikuwa mpagazi katika misafara ya zamani, akipita njia hiyo hiyo ya Tabora na mzigo begani. Alikuwa akisema siku inakwisha mzigo unaposhuka, na usiku mnaolala kambini ni wa safari ya kesho. Nilidhani ni maneno ya wazee tu.

Sasa jambo gumu. Nimemwomba tajiri ruhusa ya Jumatano, amekataa. Mizigo ya nta inaondoka Alhamisi na karani ni mimi. Ila usihofu. Marko anakuja Tabora na lori Jumamosi ile asubuhi. Tukitoka saa kumi na mbili, alasiri niko mlangoni kwenu, jua bado liko juu. Hilo halina hitilafu. Nakuomba ulale usingizi.

Nimenunua kitanda cha kamba. Fundi ameniuliza, "Cha mtu mmoja au wawili?" Nikamjibu kwa sauti kubwa mno, mpaka watu sokoni wakageuka.

Shomari

*

Tabora,
Jumatano, 30 Machi 1955
(5 Shaaban)

Mume wangu,

Nakuandikia haraka. Barua nampa mtu wa posta mwenyewe, maana Marko amekwenda Igunga na sijui atarudi lini.

Wiki iliyopita watu walitoka kutazama mwandamo wa Shaaban. Alhamisi haukuonekana, kwa hiyo Rajab ikatimizwa siku thelathini, na Ijumaa jioni tukauona, mwembamba kama ukucha. Tulipokuwa uani tunautazama, baba akaenda ndani akatoka na karatasi yetu ya ndoa. Akamwuliza mjomba, "Siku arobaini zinaisha lini?" Mjomba akasema Jumamosi ya tarehe tisa. Baba akasema, "Hapana. Soma hapa."

Karatasi inasema: 28 Februari, sawa na 5 Rajab. Baba amehesabu kwa vidole mbele yetu. Jumatatu ile ndiyo siku ya kwanza. Kwa hesabu hiyo ya arobaini si Jumamosi. Ni Ijumaa, Aprili nane, na inaisha Ijumaa hiyo jua likizama.

Shomari, lori lako linaondoka Bukene Jumamosi asubuhi. Nitakuwa nimekuwa mtalaka wako usiku kucha.

Kuna na jambo jingine ambalo sikutaka kulisema. Jana walikuja wanawake wawili kutoka Igunga, dada za mfanyabiashara wa ng'ombe. Walikaa, wakanywa chai, wakanitazama miguu hadi kichwa. Mmoja alimwuliza mama mdogo, "Huyu ndiye yule anayesubiri?" Mama mdogo akajibu, "Anasubiri mpaka Ijumaa." Baba alikuwa pale pale, akaendelea kushona.

Usingoje Jumamosi. Njoo Alhamisi, njoo kwa baiskeli, njoo kwa miguu.

Zamda

*

Bukene,
Jumatatu, 4 Aprili 1955

Zamda, nuru ya macho,

Wiki nzima sijapata barua yako. Nimeamua kwamba unashona mito na huna nafasi. Hilo nalikubali. Mvua imekata reli kwa siku mbili, labda na posta imelowa mahali.

Nakuandikia kukuambia mambo yote yako tayari. Chumba nimekipaka chokaa. Chandarua kimefika kutoka Nzega, kikubwa hata nimelala ndani yake nikapotea. Nilikuwekea upande wa dirisha ili alfajiri ikufikie kwanza wewe.

Marko amerudi salama. Kwa kutaka siku ya akiba, nilimshika shati nikamwambia, "Ndugu, nitoe Ijumaa." Akanitazama kama nimetukana. "Shomari, Ijumaa ile ni Ijumaa Kuu. Bwana wetu amesulubiwa, wewe unataka nikamate usukani? Koleta mke wangu atanifukuza nyumbani kabla ya padri." Basi tumekubaliana Jumamosi alfajiri, naye ameapa kwa Pasaka yake. Nami nimetulia, kwa sababu Jumamosi kabla ya jua kuzama inatosha. Wewe mwenyewe ulinifundisha.

Siku tano tu, mke wangu. Nne na nusu, ukihesabu kwa jua.

Shomari

*

Tabora,
Alhamisi, 7 Aprili 1955
mchana

Shomari,

Barua yako imefika, na kwa barua hiyo nimejua kwamba yangu haikufika. Hujui. Uko huko unapaka chokaa na hujui.

Sina wa kumtuma. Mjomba hataki kuingia kati ya baba na neno lake. Hata hii naiandika ili mkono ufanye kazi.

Mwanajuma ameniambia jambo usiku. "Zamda, usiogope talaka. Ogopa kungoja. Talaka ina tarehe." Akageukia ukutani.

Nimetoa barua zako zote nizisome kwa mpangilio, kama mtu anayeagana nazo. Nimeanza na ile ya kwanza.

Shomari, watu walikuwa wanatoka kusali Magharibi.

Nimeandika sentensi hiyo na nimesimama. Wewe mwenyewe umeiandika, nami nimeisoma mara thelathini nikitafuta utamu tu. Mvua. Karabai. Kumbikumbi hawatoki mchana kucheza taa. Karatasi iliandikwa alasiri, kabla hujafika, na alasiri ile ilikuwa kweli 5 Rajab. Lakini ulipotamka nimekubali jua lilikuwa limeshazama. Jumatatu ilikuwa imekwisha. Tulioana usiku wa kuamkia Jumanne, na usiku huo ni wa 6 Rajab!

Kwa hiyo "tangu leo" uliyosema si Jumatatu. Siku ya kwanza ilianza jioni ile na ikaisha Jumanne jua likizama. Nimehesabu kwa kunde kwenye ungo. Kutoka 6 Rajab mpaka 30 Rajab ni ishirini na tano. Kutoka mosi Shaaban mpaka 15 Shaaban ni kumi na tano. Arobaini. Na 15 Shaaban inaingia kesho Ijumaa jioni, inatoka Jumamosi jioni. Kanuni ile ile iliyokunyang'anya usiku wa mwisho ndiyo iliyokupa usiku wa kwanza.

Nakwenda kwa Maalim Ngollo na barua yako. Nitafunika kwa kiganja yale maneno kuhusu asali.

Z.

*

Tabora,
kwa kalenda yako Ijumaa, 8 Aprili;
kwa Maalim sasa hivi ni Jumamosi, 15 Shaaban

Shomari,

Barua hii haina pa kwenda. Nitakupa mkononi, au nitaichoma.

Jua limezama. Watu wamekwenda msikitini kusoma Yasini ya usiku wa nusu Shaaban, nami nimesikia sauti zao mpaka hapa. Adhana ilipoanza baba alikuwa anashona kanzu. Alimaliza uzi, akaukata kwa meno, akasema, "Siku zimekwisha." Basi. Akachukua kofia.

Nilikuwa nimeshamwona Maalim. Alisoma barua yako akiwa ameishikia mbali, kisha akaniambia, "Hesabu yako ni sahihi, mwanangu. Sharti linahesabiwa tangu lilipotamkwa, si tangu karatasi ilipoandikwa. Lakini barua ya mume si ushahidi wa kumfaa mume. Nani mwingine anakumbuka ilikuwa baada ya Magharibi?" Nikamwambia, mjomba na mashahidi hawataki kumpinga baba, lakini wewe mwenyewe ulikuwepo. Akasema, "Mimi nakumbuka taa. Taa inaweza kuwashwa mapema siku ya mvua. Na mimi ndiye nitakayeamua, sitakuwa kadhi na shahidi kwa pamoja. Mwite baba yako."

Baba alikuja kabla ya sala ya Ijumaa. Maalim akamsomea ile sehemu ya mkeka na paji la uso. Baba alisikiliza mpaka mwisho. Akainua mkono, akajigusa kipajini, akaushusha. Akasema, "Sikumbuki."

Maalim akasema, "Basi mimi sitamwoza binti huyu kwa mtu mwingine kabla jua la Jumamosi halijazama. Kijana akifika kabla ya hapo nitauliza tena, na utajibu kwa kiapo. Asipofika, hakuna cha kuuliza."

Watu wa Igunga wanakuja kesho Magharibi.

Mvua imeanza. Naisikia inavyopiga bati. Mume wangu, nakuita hivyo usiku huu na sijui kama nina haki. Njia ya Nzega ikilowa inameza magurudumu, kila mtu anajua. Wewe unadhani una mchana mzima. Tafadhali Marko asisimame kula.

Zamda

*

Tabora,
Jumatano, 13 Aprili 1955
(19 Shaaban, asubuhi)

Kwa mwanangu Shomari Lugembe, Bukene,

Assalaam alaikum. Natumaini mlifika salama, wewe na mkeo, na kwamba tope la miguuni limekubali kutoka. Sisi hapa wazima. Mwanajuma anawasalimu.

Mimi si mtu wa kuandika. Mkono wangu unajua sindano. Lakini kuna neno nililolisema mbele ya watu, na kuna jingine sikulisema, nalo halinipi usingizi.

Jumamosi ile nilikaa barazani tangu alasiri. Watu walidhani nakungoja. Nilikuwa natazama jua. Nilikuwa nalisukuma kwa macho, Shomari. Nilitaka lizame. Lilipofika juu ya paa la msikiti nikasema moyoni, limebaki kidogo, binti yangu ataolewa na mtu mwenye ng'ombe wengi asiyekwenda mbali na ng'ombe wake. Hapo ndipo nikakuona pembeni mwa barabara ya zamani ya misafara, unakimbia, tope mpaka mapajani, kiatu kimoja mguuni. Baadaye Marko akatuambia lori lilizama mbali huko tangu adhuhuri, nawe hukungoja. Uligonga mlango wangu na jua lilikuwa bado upana wa mkono juu ya paa. Ukasema, "Shikamoo baba, nimekuja kumchukua mke wangu." Nikaitikia marahaba, na sauti haikuwa yangu.

Maalim aliponiapisha nikasema kweli: tuliswali kwanza, kisha nikakuoza. Watu wakasema, "Alhamdulillahi, mzee amekumbuka."

Sikukumbuka. Nilijua tangu Ijumaa. Maalim aliposoma habari ya mkeka nilijua, maana mkeka ule ni mpya, mgumu, kila sala unanichora, na usiku ule, kabla sijakuoza, mama yenu mdogo alinicheka kwa alama ile. Nilijua, nikasema sikumbuki. Miaka sita nimemwona Mwanajuma akiinuka kila treni inapopiga honi. Niliogopa sana nisije nikamwona Zamda akiinuka vile vile, mpaka nikawa tayari kumvunjia ndoa iliyo salama kwa tarehe iliyoandikwa vibaya. Mwambie au usimwambie. Nimekuachia wewe.

Jana nilikwenda kwa Maalim na karatasi yenu. Tumepiga mstari juu ya 5 Rajab, tukaandika 6 Rajab, usiku wa kuamkia Jumanne, na wote tuliokuwepo tumetia sahihi upya. Kisha nikamwomba Maalim tuanze na habari ya Mwanajuma. Amesema iko njia ya kumfungua mwanamke aliyetelekezwa, ila baba yake lazima aende akasimame mbele ya kadhi na kuomba. Miaka yote nilikuwa nangoja mume arudi. Nakwenda Jumatatu, mchana, jua likiwa wazi.

Zamda aandike kila treni. Asipoandika, nitaogopa.

Baba yenu,
Omari, fundi kanzu